Shahidi Mwenye Hofu: Jinsi ya Kutoa Ushahidi Nyuma ya Pazia au kwa Njia ya Video

Tarehe 23 Juni 2016, wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wa teksi waliyokuwa wameikodi waliondoka katika Mahakama ya Mavoko, Kaunti ya Machakos. Hawakufika nyumbani. Mteja huyo alikuwa mwendesha bodaboda aliyekuwa amelalamika rasmi kwamba afisa wa polisi alimpiga risasi. Siku chache baadaye miili ya wote watatu ilipatikana mtoni, Ol Donyo Sabuk. Julai 2022 Mahakama Kuu iliwapata maafisa watatu wa polisi na mtu mmoja aliyekuwa akiwapasha habari na hatia ya mauaji hayo, na Februari 2023 wakahukumiwa.

Kesi hiyo iliwatia hofu Wakenya wengi waliokuwa na jambo la kueleza mahakamani. Iliacha pia funzo ambalo si kila mtu analitambua: hatari kubwa kwa shahidi mara nyingi haiko ndani ya chumba cha mahakama, mbele ya hakimu na askari. Iko njiani, nyumbani, sokoni, na katika karatasi zinazobeba jina lake. Kwa sababu hiyo, mkazi anayeombwa kutoa ushahidi anafaa kujua kwamba sheria ya Kenya inatoa njia mbalimbali za kumlinda, na kwamba kila njia inafaa kwa hofu ya aina yake. Pazia linaweza kumfaa mmoja na lisimsaidie mwingine hata kidogo.

Sheria inasema nini

Sheria ya Kulinda Mashahidi ilipitishwa mwaka 2006 na kuanza kutumika mwaka 2008. Mwanzoni kazi hiyo ilikuwa chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Mwaka 2010 sheria ilirekebishwa na kukaundwa Shirika la Kulinda Mashahidi, linalojulikana kwa ufupi kama WPA. Shirika hili linajitegemea: si idara ya polisi, na si sehemu ya ofisi ya mashtaka. Jambo hilo lina uzito, kwa sababu kuna kesi ambazo anayeogopwa ni afisa wa polisi mwenyewe.

Ulinzi wenyewe uko katika mafungu mawili. La kwanza ni ulinzi wa nje ya mahakama: walinzi wenye silaha, kuhamishwa na kupewa makao kwingine, na katika kesi nzito zaidi kubadilishiwa utambulisho. La pili ni ulinzi wa ndani ya mahakama. Hapo sheria inamruhusu hakimu au jaji kusikiliza kesi faraghani, kumwita shahidi kwa jina la siri, kuamuru maelezo yanayomtambulisha yafutwe katika hati, kumruhusu atoe ushahidi kwa njia ya video, au kutumia mbinu nyingine za kuficha sura na sauti yake.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 ina utaratibu wake pia. Katika kifungu cha 31, mahakama inaweza kumtangaza aliyedhulumiwa, mtoto, au mtu mwenye ulemavu wa akili kuwa shahidi anayehitaji ulinzi. Shahidi wa aina hiyo anaweza kukaa ndani ya kisanduku maalumu cha mashahidi, au kuzungumza kupitia mtu wa kati anayemfikishia maswali ya mawakili kwa lugha anayoielewa. Mtu huyo wa kati anaweza pia kuieleza mahakama kwamba mtoto amechoka au amezidiwa, na kuomba mapumziko.

Hofu mbili zilizo tofauti

Kabla ya kuomba lolote, shahidi na afisa anayechunguza kesi wanafaa kujibu swali moja: je, mshtakiwa anamjua shahidi?

Ikiwa hamjui, hofu ni ya kutambuliwa. Shahidi aliona tukio, lakini mshtakiwa na watu wake hawajui ni nani aliyeona. Hapa jina la siri, pazia na kubadilishwa kwa sauti vina kazi kubwa, kwa kuwa kuna siri ambayo bado inaweza kutunzwa.

Ikiwa anamjua, mambo ni mengine. Mke anayetoa ushahidi dhidi ya mumewe, mtoto aliyenajisiwa na mjomba, au mfanyakazi aliyemwona mwajiri wake akitoa hongo hawezi kufichwa na pazia. Mshtakiwa ataitambua sauti, na hata bila sauti atajua kisa hicho kinaweza kusimuliwa na nani. Kwa shahidi huyu pazia lina kazi tofauti: linamwezesha kusema bila kukodolewa macho. Mtoto aliyekuwa akinyamaza kila alipomwona mshtakiwa anaweza kueleza yaliyompata akiwa nyuma ya kioo au katika chumba kingine mbele ya kamera. Lakini akitoka hapo bado anajulikana. Usalama wake nje ya mahakama utategemea mambo mengine: mshtakiwa kunyimwa dhamana au kuwekewa masharti makali, au shahidi mwenyewe kuhamishwa.

Familia nyingi huchanganya mambo haya mawili. Huomba pazia na kupewa, kisha hushangaa vitisho vinapoendelea. Pazia limefanya kazi yake, ila hofu iliyokuwapo haikuwa ya kutibiwa na pazia.

Mfano wa muuza viazi

Ili kuona hatua zinavyofuatana, chukua mfano wa kufikirika wa mama anayeuza viazi katika soko la mji mdogo. Alfajiri moja akiwa amejikunyata nyuma ya magunia yake, anawaona vijana watatu wakimvamia mlinzi wa duka la jumla, wakimkata kwa panga na kuondoka na pesa. Anamtambua mmoja wao, aliyewahi kuwa utingo wa matatu mtaani kwake. Wao hawakumwona. Wiki mbili baadaye vijana wanakamatwa na kushtakiwa kwa wizi wa mabavu. Mama ameandikisha taarifa kituoni, na sasa anasikia kwamba ndugu wa mshtakiwa mmoja wanaulizauliza sokoni ni nani aliyekuwa hapo alfajiri ile.

Hatua ya kwanza ni kumweleza hofu yake afisa anayechunguza kesi, na kufanya hivyo mapema. Vitisho vyovyote viandikwe katika kitabu cha matukio kituoni, naye apewe nambari ya OB. Ujumbe wa simu usifutwe. Ikiwa mtu alitumwa kumwonya, aandike tarehe, mahali na maneno yaliyotumika angali anayakumbuka. Baadaye mahakama itataka kuona hofu hiyo imejengwa juu ya nini, na maneno matupu ya "ninaogopa" huwa na uzito mdogo kuliko ujumbe wenye tarehe.

Hatua ya pili ndiyo inayosahaulika zaidi. Katiba, katika kifungu cha 50, inampa kila mshtakiwa haki ya kupewa mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka unakusudia kuutumia. Kwa kawaida, basi, nakala za taarifa za mashahidi hukabidhiwa mshtakiwa au wakili wake kabla ya kesi kuanza kusikilizwa. Taarifa ya polisi huwa na jina kamili la shahidi, nambari ya simu, kijiji na kazi yake. Karatasi hiyo ikishatoka, pazia la siku ya kesi halina maana tena. Ombi la kuficha jina kwa hivyo linapaswa kufanywa kabla ya nakala kutolewa. Muuza viazi anafaa kumuuliza mpelelezi au kiongozi wa mashtaka waziwazi: "Taarifa yangu imeshapewa mshtakiwa?" Ikiwa bado, ofisi ya mashtaka inaweza kuiomba mahakama iruhusu nakala ambayo jina na maelezo yanayomtambulisha yamefutwa.

Hatua ya tatu ni ombi kwa Shirika la Kulinda Mashahidi. Ombi linaweza kupelekwa na shahidi mwenyewe, na polisi, na kiongozi wa mashtaka au na wakili wa shahidi. Hakuna anayelazimika kupitia kituo cha polisi kilichomkamata mshtakiwa. Maafisa wa Shirika humhoji shahidi na kupima mambo kadhaa: uzito wa kosa, umuhimu wa ushahidi wake katika kesi, ukubwa wa hatari inayomkabili, rekodi yake ya makosa kama anayo, hali yake ya kiakili, na kama kuna njia nyingine ya kumlinda isiyohitaji kumwondoa katika maisha yake ya kawaida. Hatari ikiwa ya karibu sana, ulinzi wa muda unaweza kutolewa huku tathmini ikiendelea.

Si kila anayeomba hukubaliwa katika mpango wa ulinzi. Anayekataliwa anaweza kupeleka malalamiko yake mbele ya baraza maalumu la rufaa lililoundwa chini ya sheria hiyohiyo. Vilevile, kukosa nafasi katika mpango hakumzuii shahidi kuomba pazia au video mahakamani. Hayo ni maombi mawili tofauti.

Makubaliano yenye masharti

Anayekubaliwa katika mpango hutia saini makubaliano na Shirika. Makubaliano hayo yanafaa kusomwa polepole, kwa lugha anayoielewa, kwa kuwa yanabadilisha maisha. Shahidi hutakiwa kueleza madeni yake, kesi zinazomkabili, na majukumu kama malezi ya watoto walioko kwa mzazi mwingine. Ulinzi si mahali pa kujifichia wadai wala kukwepa amri ya mahakama nyingine. Huahidi kutowasiliana na watu fulani na kutotembelea sehemu fulani. Akivunja masharti kwa makusudi, au ikigunduliwa kwamba alidanganya alipoomba, anaweza kuondolewa katika mpango.

Kwa muuza viazi, kuhamishwa kuna maana ya kuacha kibanda, chama cha akina mama na shule ya watoto. Kwa hiyo maafisa huuliza kwanza kama hatua ndogo zaidi zinatosha. Katika mfano huu, washtakiwa hawamjui. Siri ikitunzwa vizuri, jina la siri na pazia vinaweza kumwezesha kutoa ushahidi na kurudi sokoni kwake. Ikiwa siri tayari imevuja, kuhama hata kwa muda huenda kukawa ndiyo njia pekee.

Pesa za matumizi zinazotolewa kwa shahidi aliyehamishwa si malipo ya ushahidi. Wakili wa mshtakiwa ana haki ya kuuliza juu yake, na shahidi anafaa kujibu kweli. Anayedhani amelipwa ili aseme jambo fulani ameelewa vibaya, na anaweza kuiharibu kesi.

Ombi mbele ya hakimu

Hatua ya nne ni ombi la ulinzi ndani ya mahakama. Kwa kawaida huletwa na kiongozi wa mashtaka au Shirika kabla ya siku ya shahidi kuitwa, likiambatana na hati ya kiapo inayoeleza hatari iliyopo. Mara nyingi husikilizwa faraghani ili kulisikiliza kwenyewe kusije kukamfichua shahidi.

Hapo hakimu ana mizani mkononi. Upande mmoja kuna usalama wa shahidi. Upande wa pili kuna haki za mshtakiwa: kesi yake kusikilizwa hadharani, yeye kuwapo inaposikilizwa, na kuupinga ushahidi unaoletwa dhidi yake. Katiba yenyewe inaruhusu umma na wanahabari kutolewa nje inapohitajika ili kulinda mashahidi au watu walio katika hali dhaifu. Lakini haijamwondolea mshtakiwa haki ya kuuliza maswali. Yeyote anayedhani kwamba pazia litamkinga na maswali ya wakili wa utetezi anakosea. Atahojiwa kama shahidi mwingine yeyote, pengine kwa saa kadhaa.

Kwa sababu hiyo hakimu hupendelea ulinzi ulio mdogo kiasi cha kutosha. Ikiwa kuwaondoa watu wengine mahakamani kunatosha, huenda asiamuru jina lifichwe. Akiamuru jina lifichwe, huangalia kama utetezi utaweza kuuliza yale ya lazima: shahidi alikuwa umbali gani, kulikuwa na mwanga kiasi gani, aliona kwa muda gani, na je, ana ugomvi na mshtakiwa. Swali hilo la mwisho ndilo gumu zaidi. Mshtakiwa asiyejua anayemshtaki ni nani hawezi kusema, "Huyu tuna kesi naye ya shamba." Hapo mahakama hutazama kwa makini zaidi kama kuna ushahidi mwingine unaoliunga mkono neno la shahidi aliyefichwa. Katika kesi za makosa ya kingono, sheria inasema wazi kwamba mtu hawezi kutiwa hatiani kwa ushahidi uliotolewa kupitia mtu wa kati peke yake, bila kuungwa mkono na ushahidi mwingine.

Siku yenyewe: nyuma ya pazia

Siku ya kesi huanza mapema. Shahidi anayelindwa hafai kukaa kwenye benchi la veranda pamoja na jamaa za mshtakiwa akisubiri jina liitwe. Hufikishwa mapema, ikiwezekana kwa mlango mwingine, na kusubiri chumbani. Wakati wake ukifika, umma huondolewa ikiwa hakimu ameamuru hivyo, na shahidi huketishwa kabla ya mshtakiwa kuingizwa.

Pazia linaweza kuwa kitambaa kizito kwenye fremu, ubao, au kisanduku chenye kioo cha upande mmoja. Hakimu lazima amwone shahidi, kwa kuwa sehemu ya kazi yake ni kupima jinsi anavyojibu. Ni nani mwingine atakayemwona ni jambo linalotajwa katika amri ya mahakama. Jina halisi huandikwa kwenye karatasi inayobaki kwa mahakama, na katika kumbukumbu za kesi shahidi huitwa kwa herufi au jina la siri. Anaapa kama kawaida, na akidanganya anaweza kushtakiwa kama shahidi yeyote.

Huulizwa pia jinsi shahidi aliyefichwa anavyoweza kumwonyesha mshtakiwa kizimbani. Kioo cha upande mmoja humwezesha kumwona mshtakiwa bila yeye kuonekana. Palipo na kitambaa tu, kiongozi wa mashtaka anahitaji kupanga mapema jinsi jambo hilo litakavyofanyika. Utambuzi uliofanywa kwenye gwaride la polisi wakati wa uchunguzi unaweza kusaidia sana.

Siku yenyewe: kwa njia ya video

Tangu Machi 2020, janga la korona lilipofunga milango ya mahakama, kusikiliza kesi kwa video kumekuwa jambo la kawaida nchini. Kwa shahidi mwenye hofu njia hii ina faida moja kubwa inayozidi pazia: hafiki kabisa katika jengo alimo mshtakiwa. Hakuna safari ya kurudi nyumbani ambayo mtu anaweza kuifuata kutoka lango la mahakama.

Shahidi huketi katika chumba kingine, pengine katika mahakama ya kaunti nyingine au mahali palipochaguliwa na Shirika. Anapaswa kuwa na afisa anayeaminika na mahakama, atakayethibitisha kwamba aliye mbele ya kamera ndiye shahidi, kwamba ameapa, na kwamba hakuna mtu kando anayemnong'oneza majibu wala karatasi anayoisoma kwa siri. Wakili wa utetezi anaweza kuomba kamera izungushwe ili chumba chote kionekane. Vielelezo kama picha au nguo hutakiwa kuwa vimeandaliwa upande wa shahidi pia, la sivyo ataulizwa juu ya kitu asichokiona vizuri. Mahakama inaweza kuagiza sura au sauti ibadilishwe katika skrini inayotazamwa na mshtakiwa, huku hakimu akiona na kusikia bila mabadiliko.

Udhaifu wa video ni mtandao. Sauti ikikatika katikati ya jibu, maneno mawili yanaweza kupotea na maana ikageuka. Shahidi asiposikia swali aseme hivyo, asikisie. Umeme ukipotea, kesi husimamishwa hadi mawasiliano yarudi, au huahirishwa. Shahidi asichukue simu yake binafsi na kuendelea nayo bila ruhusa, kwani nambari yake au jina aliloliandika kwenye programu linaweza kujitokeza kwenye skrini ya kila mtu.

Siri huvujia wapi

Septemba 2013, katika kesi ya Wakenya iliyosikilizwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko Hague, shahidi wa kwanza alitoa ushahidi akiwa amefichwa, sura na sauti vikiwa vimebadilishwa kwa umma. Haukupita muda mrefu watu mitandaoni wakaanza kutaja jina walilodai ni lake. Mahakama ililazimika kutoa onyo kwamba kumfichua shahidi ni kosa. Vifaa havikuwa vimeharibika. Watu walisikiliza kisa na kukisia msimulizi.

Hapo ndipo hatari kubwa ilipo, na muuza viazi anafaa kuijua. Akisema, "Nilikuwa nyuma ya magunia yangu ya viazi mkabala na duka," amejitaja jina, hata kama anaitwa Shahidi A. Kabla ya siku ya kesi, kiongozi wa mashtaka anafaa kukaa naye na kupitia maelezo yake ili aeleze umbali, mwanga na alichokiona bila kutaja kibanda chake. Maelezo ambayo ni lazima yatajwe na yanaweza kumfichua, mahakama iombwe iyasikilize faraghani.

Siri huvuja pia kwa wenye nia njema. Dada humwambia shemeji, shemeji husema kanisani kwamba waombewe. Jirani huuliza mbona mama hakuuza viazi Jumanne. Katika miji midogo, kutoonekana siku moja ambayo kila mtu anajua kesi inasikilizwa kunatosha. Shahidi anafaa kuwa na sababu ya kawaida ya kuwa safarini, na watu wanaojua ukweli wawe wachache kadiri inavyowezekana. Baraza la chifu, mkutano wa Nyumba Kumi au ofisi ya msimamizi wa wadi si mahali pa kueleza kwamba mtu ni shahidi, hata kama lengo ni kuomba msaada.

Mshtakiwa akiwa nje kwa dhamana

Kwa shahidi anayejulikana, dhamana mara nyingi ina uzito kuliko pazia. Mahakama inaweza kukataa kumwachilia mshtakiwa ikiwa kuna sababu nzito, na uwezekano wa kuwavuruga mashahidi ni mojawapo. Inaweza pia kumwachilia kwa sharti kwamba asiwasiliane na mashahidi wala kufika wanakoishi. Kumzuia au kumtisha shahidi asifike mahakamani ni kosa la jinai lenyewe, liwe limefanywa na mshtakiwa, mamake au rafiki yake.

Lakini hakimu hajui yanayotokea kijijini asipoambiwa. Sharti likivunjwa, shahidi apige ripoti siku hiyohiyo, achukue nambari mpya ya OB na kumjulisha kiongozi wa mashtaka, ambaye anaweza kuiomba mahakama ifute dhamana. Wazee wakija na ombi la kumaliza mambo nyumbani huku kesi ikiendelea, hilo nalo liripotiwe, hata kama wamekuja kwa upole na sukari mkononi.

Pa kuanzia

Mahakama, polisi, ofisi ya mashtaka na Shirika la Kulinda Mashahidi ni taasisi za serikali ya kitaifa. Serikali ya kaunti haina uwezo wa kumpa mtu pazia wala kumhamisha. Kinachowezekana katika hospitali na ofisi za kaunti ni kumhudumia mwathiriwa, kuhifadhi rekodi zake za matibabu kwa siri, na kumwelekeza panapofaa.

Aliye katika hatari ya sasa hivi apige 999 au 112. Dhuluma dhidi ya mtoto huripotiwa kwa nambari 116, na dhuluma za kijinsia kwa nambari 1195. Anayemhofia afisa wa polisi anaweza kwenda kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA. Ombi la ulinzi linaweza kupelekwa moja kwa moja kwa Shirika la Kulinda Mashahidi, lenye makao makuu Nairobi, au kupitia ofisi ya mashtaka iliyo karibu na mahakama.

Anayekwenda huko awe na mambo matatu mkononi: nambari ya OB ya kila kitisho, jina la afisa anayechunguza kesi, na jibu la swali lililotajwa mwanzoni, yaani kama mshtakiwa anamjua au hamjui. Jibu hilo ndilo litakaloonyesha kama aombe pazia, video, mshtakiwa azuiliwe, au yeye mwenyewe ahamishwe. Na kama taarifa yake haijakabidhiwa upande wa pili, afike kabla haijakabidhiwa.